Tarehe za picha za zamani: usichape hata moja kabla ya kusoma hapa

*"Wakuu, tumeskani picha za zamani za mtaa wetu, sasa nataka kuzijaza kwenye Excel: maudhui, mahali na tarehe. Tarehe nitachapa tu kama ilivyo nyuma ya picha. Kuna la kuzingatia kwenye hizo safuwima tatu?"*

Simama hapo hapo kwenye tarehe. Kompyuta ikiwa na mipangilio ya Marekani, ukichapa 10/12/1963 Excel inaelewa 12 Oktoba. Haikuulizi, haikuonyi. Picha ya watu waliojipanga barabarani Unguja siku ya uhuru, nyuma ina tarehe hiyo kwa kalamu ya wino, na kwenye orodha yetu ikawa ya Oktoba, uhuru wenyewe bado. Ya Mapinduzi, 12/1/1964, ikaruka hadi 1 Desemba, wakati nchi imeshaitwa Tanzania!

Ubaya wake, haiharibu zote. 26/4/1964 inabaki ulivyoichapa kwa sababu hakuna mwezi wa 26, na 12/12/1963 ya uhuru wa Kenya hata ukiipindua ni ile ile. Ukikagua kwa hizo mbili utaapa orodha ni safi. Tazama upande zilioegemea: kama hujagusa mpangilio wa seli, iliyobaki maandishi hukaa kushoto, iliyogeuzwa tarehe hukaa kulia. Ukiona mchanganyiko, acha kuchapa.

Mtaalamu aliyeletwa kutufundisha alituambia, "Chapeni tu, kompyuta itanyoosha yenyewe." Akachukua posho yake akaenda. Wazee wa mtaa ndio walioanza kusaka albamu upya, na baadhi zilishachukuliwa na wenyewe hadi Maskati. Mtu anayelipwa kwa kazi hii hana udhuru wa kutojua jambo hili.

Kwa hiyo fanya hivi: tenga safuwima mbili, na kabla ya kuchapa uzichague zote mbili uziwekee mpangilio wa Text. Ya kwanza ni ya maandishi ya nyuma ya picha, herufi kwa herufi, hata yakiwa na makosa. Ya pili ni tarehe uliyoisoma wewe, mwaka mbele:

```
"Uhuru 10/12/63"         1963-12-10
"Idi, 1958 au karibu"    1958~
"Harusi, 1961 (?)"       1961?
"Miaka ya hamsini"       195X
```

Alama `~` ni makadirio, `?` ni shaka, `X` ni tarakimu isiyojulikana. Ni kanuni ya kuandika tarehe iitwayo EDTF, iliyoingizwa kwenye kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601, mwaka 2019. Kama una mwaka tu, andika mwaka tu. Usibandike 01-01, maana atakayekuja ataamini picha ilipigwa Januari mosi. Na tarehe ya faili la skana ni ya siku uliyoskani, usiinakili.

Mahali nako nakili kwanza kilichoandikwa. Muhuri wa studio unakwambia picha ilisafishwa wapi, na mara nyingi si hapo ilipopigwa.

Kama umeshaanza kuchapa, fungua faili sasa hivi utazame kulia na kushoto, albamu zikiwa bado mikononi mwako.