Shilingi Imeshuka, Minofu Imekuwa Ghali: Maswali na Majibu

Dola imepanda kutoka shilingi 2,500 hadi 2,750. Mbona mnunuzi wetu wa minofu ya sangara huko Ulaya analalamika kwamba tumekuwa ghali? (Msomaji, Ilemela)

Kiwango kinachobandikwa benki ni kiwango cha kawaida, nacho hueleza tu ni shilingi ngapi zinazonunua dola moja. Mnunuzi wenu, bila hata kukitaja, anaupima uchumi wetu kwa kiwango halisi, kinachoingiza pia bei za nchi zote mbili:

kiwango halisi = kiwango cha kawaida × bei za nje ÷ bei za ndani

Tuchukulie kwamba mwanzoni mliuza kilo kwa shilingi 10,000, yaani dola 4, na mshindani wenu wa nchi nyingine aliuza kwa dola 4 vilevile. Kisha samaki wa mwaloni, umeme, barafu na mishahara vikapanda, nanyi mkalazimika kuongeza bei kwa asilimia 15 hadi shilingi 11,500, ambazo kwa kiwango kipya ni dola 4.18. Mshindani aliongeza asilimia 2 tu, akafika dola 4.08. Dola ilipanda kwa asilimia 10, lakini bei zenu ziliipita mbio. Kanuni, ukiingiza mabadiliko hayo ya asilimia 10, 2 na 15, inasema hivyohivyo: 1.10 × 1.02 ÷ 1.15 = 0.976. Jibu likiwa chini ya 1, shilingi imeimarika kihalisi ingawa ubao wa benki unaonyesha imedhoofika, na hapo ndipo wauzaji wengi hujidanganya.

Mimi hupeleka dagaa Kenya kutoka mwaloni wa Kirumba. Nami nifuatilie dola? (Msomaji, Kirumba)

Fuatilia kwanza shilingi ya Kenya. Sarafu zetu mbili zikishuka kwa kiasi kilekile mbele ya dola, kiwango baina yake hakibadiliki, na kinachobaki ni tofauti ya bei: mteja wa Kisumu atalinganisha dagaa wako na omena wa kwao. Kwa nchi nzima, wachumi huchukua wastani wa viwango halisi dhidi ya nchi nyingi, wakimpa kila mshirika uzito kulingana na ukubwa wa biashara yake nasi, na kuuonyesha wastani huo kwa fahirisi, yaani namba inayolinganishwa na mwaka wa msingi uliopewa 100.

Nimesoma kuwa fahirisi ya kiwango halisi imepanda, na mwandishi akasema ushindani umepungua. Amekosea? (Msomaji, Nyamagana)

Huenda hajakosea. Katika kanuni niliyotumia hapo juu, kupanda ni unafuu kwa mnunuzi wa nje. Katika fahirisi za Shirika la Fedha la Kimataifa, kupanda ni sarafu kuimarika na bidhaa zake kuwa ghali. Soma maelezo ya jedwali kabla ya kuamua. Kumbuka pia kwamba 100 ya mwaka wa msingi haithibitishi kwamba bei za mwaka huo zilikuwa sawia, na kwamba fahirisi hizo mara nyingi hutumia bei za mlaji, zenye kodi ya nyumba na nauli ya daladala, vitu visivyovuka mpaka. Kwa kiwanda cha minofu, ambako samaki mbichi ndiye gharama kubwa kuliko zote, bei ya mwaloni ikigeuzwa kuwa dola itaonyesha mabadiliko mapema kuliko fahirisi ya taifa.