Ukimiliki asilimia 25 ya kampuni nyingine: maswali ya wahasibu

Kampuni yetu ya jumla, Kariakoo, ilinunua asilimia 25 ya kiwanda cha vifungashio mwanzoni mwa 2024. Nimeingiza sehemu yetu ya faida, shilingi milioni 40, na gawio la milioni 20 kuwa mapato. Mkaguzi anasema nimehesabu mara mbili. Kivipi?

Mkaguzi yuko sahihi. Kuanzia asilimia 20 ya kura, kiwango cha IAS 28 kinachukulia kwamba mna ushawishi mkubwa katika kampuni hiyo, isipokuwa ikithibitishwa wazi kwamba hamna, na kwa kawaida ushawishi huo huonekana pale mnapokuwa na mjumbe kwenye bodi. Hivyo kiwanda ni kampuni mshirika, na uwekezaji wenu unahesabiwa kwa njia ya ikwiti. Kwa njia hii mapato yenu huzaliwa siku kiwanda kinapopata faida, si siku kinapoigawa. Gawio ni faida ileile ambayo mmekwisha kuitambua, ikihama kutoka kwenye uwekezaji na kuingia benki.

Tuchukue kwamba mlilipa milioni 300, na kwamba siku hiyo mali halisi za kiwanda, kwa thamani ya soko, zilikuwa milioni 1,000. Fungu lenu ni milioni 250, na milioni 50 zilizozidi ni nia njema, ambayo hubaki ndani ya uwekezaji bila kuonyeshwa peke yake wala kupunguzwa kidogokidogo kila mwaka. Kiwanda kikapata faida ya milioni 160 baada ya kodi, kikatangaza gawio la milioni 80. Maingizo yenu yanakuwa haya: debiti uwekezaji milioni 40, krediti sehemu ya faida ya mshirika milioni 40, kisha debiti gawio linalodaiwa milioni 20, krediti uwekezaji milioni 20. La pili linaingizwa haki ya kulipwa inapothibitika, hata kama fedha hazijafika benki. Salio la mwisho wa mwaka ni milioni 320.

Ninapenda kulihakiki salio hilo kwa njia ya pili, kwa sababu hapo kosa la gawio hujitokeza lenyewe. Mali halisi za kiwanda sasa ni 1,000 jumlisha 160 toa 80, yaani milioni 1,080. Robo yake ni 270, ukiongeza nia njema ya 50 unapata 320. Daftari lenu, ambalo halikupunguza gawio, linasoma 340, na tofauti ya milioni 20 ndiyo iliyohesabiwa mara mbili.

Mbona rafiki yangu katika kampuni nyingine huingiza gawio kwenye mapato na wakaguzi wake hawalalamiki?

Huenda anaandaa taarifa za kampuni mama pekee, zinazotolewa pamoja na taarifa jumuishi za kundi. Katika taarifa hizo IAS 27 inaruhusu uwekezaji ubaki kwa gharama ya ununuzi, na hapo gawio ni mapato halali. Ninyi msio na kampuni tanzu hamtoi taarifa jumuishi, lakini kwa kawaida hilo peke yake haliwaondoi kwenye njia ya ikwiti.

Tunakiuzia kiwanda hicho malighafi. Mwisho wa mwaka bado kilikuwa na mzigo wetu ghalani, ambao sisi tuliupatia faida ya milioni 12. Je, inahusika?

Inahusika, kwa kuwa mzigo huo haujauzwa kwa mtu wa nje, na robo ya faida yake ni kana kwamba mmejiuzia wenyewe. Punguzeni milioni 3 kwenye sehemu ya faida ya mshirika na kwenye uwekezaji, ili faida iwe milioni 37 na salio milioni 317. Mzigo ukishauzwa nje mwaka unaofuata, milioni 3 hizo zinarudi. Ombeni orodha ya mali ghalani ya tarehe ya kufunga hesabu, kwa sababu leja yenu haiwezi kuwaambia kilichobaki kwao.

Je, kiwanda kikipata hasara kubwa, tutaendelea kupunguza hadi wapi?

Hadi sifuri. Tukirudi kwenye salio la milioni 320, kabla ya marekebisho ya mzigo, na kiwanda kikapata hasara ya milioni 1,400, fungu lenu ni milioni 350. Mtatambua 320, na 30 zilizobaki mtaziweka kwenye kumbukumbu na kuzieleza katika maelezo ya hesabu. Faida ikirejea, kwanza ifidie hizo 30 kabla hamjaanza kuonyesha mapato tena.

Angalieni, hata hivyo, kama mmekikopesha kiwanda fedha ambazo kwa kweli hamtarajii kulipwa katika siku za karibuni. Mkopo wa namna hiyo ni sehemu ya uwekezaji wenu, na hasara itaendelea kuula baada ya hisa kufika sifuri. Na kama mlimdhamini mshirika benki, zile milioni 30 zinaweza kugeuka deni lenu halisi katika mizania, kwa kadiri mnavyowajibika kulipa kwa niaba yake.