Maswali ya kemia: chokaa, mrututu na msumari ulioota weusi

Shikamoo mwalimu. Kwenye mtihani wa majaribio niliandika kuchoma chokaa ni mwako kwa sababu kuna moto. Nikakosa. Kwa nini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nyegezi)

Marahaba. Lawama nusu ni yako, nusu ni ya Kiswahili chetu. Tunachoma takataka, tunachoma mahindi, tunachoma mkaa, tunachoma chokaa, zote kwa kitenzi kimoja. Mkemia hauangalii moto kwanza. Anauliza: ni kitu gani kimeungana na oksijeni?

Kwenye tanuri la chokaa, kilichoungana na oksijeni ni kuni. Jiwe lenyewe linapokea joto tu, na likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi linagawanyika:

CaCO3 → CaO + CO2

Kimeingia kitu kimoja, vimetoka viwili. Huo ni mtengano. Jiwe safi la gramu 100 linabaki gramu 56, na zile 44 zimepaa na hewa, ndiyo maana jiwe lililoiva ni jepesi mkononi. Ukilivunja ukadondoshea siki katikati, likatoa povu, ujue ndani bado ni bichi.

Ukimwagia maji jiwe lililoiva linachemka na kupasuka: CaO + H2O → Ca(OH)2. Viwili vimekuwa kimoja, basi huo ni muungano, na tunachopata ni chokaa iliyozimwa. Sasa chokaa hiyo ukiiacha wazi stoo, inavuta kaboni dioksidi ya hewani na kurudia ujiwe wake: Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O. Ukinibana niiingize hii ya mwisho kwenye moja ya makundi matano ya darasani, yaani muungano, mtengano, ubadilishaji mmoja, ubadilishaji maradufu na mwako, nitakataa. Makundi haya ni masanduku tuliyoyachonga sisi, na si kila mmenyuko uliumbwa kwa vipimo vyake. Ila ikumbuke, nitaihitaji kwa mkulima wa Magu hapo chini.

Kuhusu mkaa, fikiria kwa nini wachomaji wanalifunika tanuri kwa udongo. Wanaizuia oksijeni isiingie, ili sehemu kubwa ya kuni itengane kwa joto badala ya kuungua. Wakizembea udongo ukatoboka, hapo ndipo mwako halisi unapoingia, na wanakuta majivu.

Nilitumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu nikitegemea shaba nyekundu kama tulivyofundishwa. Umeota kitu cheusi kama masizi, na maji yamekuwa meupe badala ya kijani. Mrututu wa dukani ni feki? (Igoma)

Mrututu wako, yaani shaba salfeti, ni mzima. Aliyekuhadaa ni msumari. Bila shaka ulichukua msumari wa bati, ule wenye kofia pana, ambao kiwandani umepakwa zinki usishike kutu. Wewe ulidhani unafanya hivi:

Fe + CuSO4 → FeSO4 + Cu

kumbe ulikuwa unafanya hivi:

Zn + CuSO4 → ZnSO4 + Cu

Kundi ni lilelile, ubadilishaji mmoja: metali iliyo peke yake inamng'oa mwenzake kwenye nyumba yake na kuingia yenyewe. Kilichobadilika ni mpangaji mpya. Zinki salfeti haina rangi, kwa hiyo buluu ilipokwisha maji yakabaki meupe. Feri salfeti ndiyo yenye kijani hafifu. Na ule weusi? Ni shaba hiyohiyo. Zinki inaitupa nje kwa kasi, inatoka kwa chembe ndogo mno zinazomeza mwanga, macho yako yakaona masizi. Chuma kinafanya kazi taratibu zaidi, shaba inajipanga juu yake na kuonyesha wekundu wake.

Kutabiri nani atamng'oa nani si kazi ya kubahatisha. Kuna foleni: potasiamu, sodiamu, kalisi, magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, haidrojeni, shaba, fedha, dhahabu. Aliye mbele anamng'oa aliye nyuma, wa nyuma hamwezi wa mbele. Dhahabu ya Geita iko mkiani kabisa, ndiyo maana inachimbwa ikiwa bado dhahabu, haijageuka chumvi ya kitu kingine. Ukiulizwa waya wa shaba kwenye maji ya feri salfeti utatoa nini, jibu sahihi ni "hakuna mmenyuko". Wanafunzi wengi wanaogopa kuliandika, wanadhani mshale lazima uzae kitu.

Rudia na msumari wa kawaida wa mbao. Usugue kwa msasa mpaka ung'ae, kwa sababu mafuta na kutu vinaizuia shaba kushika. Pima gramu 2.5 za mrututu kwenye mililita 100 za maji. Punje za mrututu zimebeba maji ndani yake, CuSO4·5H2O, na moli moja ina gramu 250 hivi, kwa hiyo umeweka moli 0.01. Chuma kitakacholiwa ni gramu 0.56 na shaba itakayotoka ni gramu 0.64. Msumari wa inchi tatu una gramu kadhaa, hautaisha. Baada ya dakika chache utauona wekundu, lakini buluu itachukua muda mrefu kupauka, kwa hiyo uache mpaka kesho yake. Usiuache wiki nzima: hewa inaigeuza feri salfeti na maji yanaingia ukahawia kama ya kutu, ukaanza tena kumlaumu mwenye duka.

Na bidhaa uiandike FeSO4, si Fe2(SO4)3. Chuma kikimng'oa shaba kinaingia na chaji mbili. Chaji tatu zinakuja baadaye, kwa kazi ya hiyo hewa.

Baba anachanganya mrututu na chokaa apulizie nyanya, halafu anachovya kisu ndani. Anasema kisu kinamwambia kama dawa imekubali. Hii ni imani tu au ni kemia? (Magu)

Ni kemia, tena baba yako anapima aina moja ya mmenyuko kwa kutumia aina nyingine. Mpe heshima yake.

Ndani ya ndoo kuna ubadilishaji maradufu. Misombo miwili imekutana na kila mmoja umechukua mwenza wa mwenzake:

CuSO4 + Ca(OH)2 → Cu(OH)2 + CaSO4

Ukitaka kutabiri bidhaa, sehemu zenye chaji chanya zibaki mbele na zibadilishane wale wa nyuma, kisha usawazishe chaji. Shaba ina chaji mbili chanya na hidroksidi ina moja hasi, kwa hiyo shaba inahitaji hidroksidi mbili. Hapo ndipo wengi wanapoandika CuOH wakapoteza alama. Shaba hidroksidi haiyeyuki kwenye maji, inajitenga kama uji wa buluu hafifu. Kwa ukali wa maabara, uji huo ni mchanganyiko wa misombo kadhaa ya shaba, lakini kwa darasa lako mlinganyo huu unatosha.

Sasa kisu. Chokaa ikiwa pungufu, kuna shaba iliyobaki huru ndani ya maji. Kisu cha chuma kikichovywa kwa dakika moja, chuma kinaing'oa shaba ile na ubapa unaota wekundu, sawasawa na msumari wa ndugu yetu wa Igoma. Wekundu ukionekana, dawa haijakubali: ukiipulizia hivyo, shaba huru itaunguza majani. Ongeza chokaa, koroga, futa kisu king'ae, chovya tena. Kikitoka cheupe, puliza.

Kipimo cha kawaida ni gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa kwa lita 10 za maji. Kwa hesabu ya mlinganyo, gramu 100 za mrututu zingetosheka na gramu 30 tu za chokaa. Kwa nini iwekwe mara tatu? Kwa sababu chokaa ya mfukoni mara nyingi imekwisha kuvuta hewa na sehemu yake imerudi kuwa jiwe, kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Nyegezi, na kwa sababu mchanganyiko wenye chokaa ya ziada ni salama zaidi kwa jani. Kisu kikikataa hata baada ya gramu 100, chokaa hiyo ni ya kupaka ukuta.

Ndoo iwe ya plastiki. Mimi mwenyewe niliwahi kuyeyushia mrututu kwenye ndoo ya bati. Ndani iliota weusi, na baada ya misimu miwili ilianza kuvuja. Na mabaki yasimwagwe ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea huko. Shaba inaua samaki, na wadogo ndio wanaotangulia.

Nilichanganya maji ya chumvi na potasiamu nitreti, nikaandika NaCl + KNO3 → NaNO3 + KCl. Nimesawazisha vizuri kabisa lakini mwalimu kaweka kosa. Anionee? (Kirumba)

Hajakuonea. Misombo yote minne inayeyuka, kwa hiyo ndani ya bilauri kuna ayoni zilezile nne zikielea kabla na baada. Hakuna aliyeoa wala aliyeachika. Ubadilishaji maradufu unahesabika pale tu kitu kimoja kinapoondoka kwenye mchezo: kikigeuka mashapo, kama uji wa baba wa Magu, kikigeuka maji, kama asidi inapokutana na besi, au kikitoka kama gesi.

La gesi lijaribu jikoni, kamulia ndimu kwenye magadi. Asidi na kabonati zinabadilishana wenza, inazaliwa H2CO3, nayo haidumu: inatengana papo hapo kuwa H2O na CO2, ndilo povu. Ubadilishaji maradufu umefuatwa na mtengano, na mtihani ukiuliza aina moja, andika ya kwanza.

Mkaa ukiungua, C + O2 → CO2, ni muungano au mwako? Tumegombana bwenini. (Bwiru)

Nyote mmeshinda. Viwili vimekuwa kimoja, na oksijeni imetumika kwa joto na mwanga. Kwenye mtihani wa kuchagua angalia chaguo lipi limewekwa. Jiko likikosa hewa bidhaa inakuwa CO, haina harufu na inaua, kwa hiyo bwenini msiingize jiko la mkaa hata kwa baridi ya mvua za masika.

Gesi ya mtungi haina utata huo. Propani iliyomo ndani yake inatoa bidhaa mbili, si muungano tena: C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O. Wasioamini kwamba moto unazaa maji, wabandike sufuria yenye maji baridi, wawashe, wainue baada ya sekunde kumi na kupapasa ubavu wake kwa nje. Umeloa.