Mgao saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, tunajipangaje?

"Tuko watu saba, jiko ni la umeme, mimi nafanya kazi online usiku. Umeme ukikatika kila kitu kinasimama. Nisaidieni."

Pole ndugu, hapo anza kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa 12. Watu wengi wanakosea kuchomeka pawabenki saa 11 ndo wanashangaa haijajaa, ile ya mAh 20,000 kwa chaja ndogo ya wati 10 inakula masaa nane na zaidi, kwa hiyo iingie asubuhi au usiku uliopita. Laptop we iache hata saa 9 mchana, inapanda haraka mpaka asilimia 80 hivi halafu inajivuta.

Jiko sasa. Kinachochemka muda mrefu kiwe jikoni saa 8, kikiiva unaweka kwenye hotpoti. Chai ijazwe kwenye chupa mwishoni. Ila birika, pasi na jiko visiwake pamoja, birika tu linafika wati 2000, mkiviwasha vyote swichi kuu inajikata na mnapoteza dakika za bure. Maliza yote saa 11 na nusu maana wakati mwingine wanakata mapema.

Kazi ya intaneti ifanye kabla, pakua mafaili, gizani uandike tu, punguza mwanga wa skrini, na simu ndo iwe hotspoti. Friji wasilifungue fungue (watoto hao!), likifungwa linatunza ubaridi kama masaa manne. Umeme ukirudi subiri dakika kumi ndo uliwashe.