k ya Biot si k ya Nusselt: swali lililonipeleka sapu

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uhandisi mitambo aliniandikia: "Kaka, Bi ni hL/k, Nu nayo ni hL/k. Sasa tofauti iko wapi?" Bi ni namba ya Biot, Nu ni ya Nusselt; h ni kasi ya joto kuhama kati ya uso na hewa, L ni urefu, k ni uwezo wa kitu kupitisha joto. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo ndilo lililonipeleka sapu mwaka wa tatu. Msahihishaji alichora msalaba mwekundu ukurasa mzima, hakuandika hata neno moja. Naukumbuka mpaka leo.

Tulipewa tufe la chuma la kipenyo cha milimita 30, linapozwa na upepo. Nu ni 40. Je, tunaweza kulichukulia kuwa lina joto moja ndani na nje? Sharti ni Bi isizidi 0.1, na urefu wake ni ujazo gawanya kwa eneo, ambao kwa tufe ni D/6, yaani milimita 5.

```
h  = Nu·k/D = 40 × 0.026 / 0.03 ≈ 35 W/m²K  (k ya hewa)
Bi = h·L/k  = 35 × 0.005 / 45 ≈ 0.004       (k ya chuma)
```

Kazi imeisha. Mimi nikaibeba ile 0.026 hadi mstari wa pili, nikapata 6.7, nikahangaika na chati za Heisler, zile za vitu ambavyo joto lake si moja ndani, mpaka muda ukaniishia. Sasa tazama: 6.7 ni 40 gawanya kwa 6. Nilikuwa nimeikokotoa Nu mara ya pili, nimebadilisha urefu tu! Iliniuma zaidi nilipoligundua hilo mwenyewe, nikiwa nyumbani wakati wenzangu wako likizo.

Nu inauliza habari za hewa: mwendo wake unaongeza uhamishaji wa joto mara ngapi kuliko kama ingetulia tu? Chuma hakimo kwenye swali hilo. Bi inauliza habari za ndani: joto linapata taabu zaidi kupita kwenye tufe lenyewe, au kutoka usoni kwenda hewani?

Ukitaka kuamini, toa chuma uweke kiazi cha kuchemsha cha ukubwa uleule, upepo uleule. Nu inabaki 40, h inabaki 35. Lakini k ya kiazi ni kama 0.5, kwa hiyo Bi inaruka hadi 0.35. Ndiyo maana kiazi unakishika vizuri mkononi, ukikiuma kinakuunguza ulimi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, andikeni "k ya hewa" na "k ya chuma" kabla ya kugusa kikokotoo. Msiniambie mtakumbuka. Mimi nami nilisema hivyohivyo.

Dogo akanitumia picha ya daftari lake. Yeye alikosea upande wa pili: aliweka 45 kwenye Nu, akapata h ya 60,000, kwa upepo ambao kwa kawaida hutoa makumi, au mamia machache. Alikuwa ameipigia mistari miwili.