Zawadi ya mtoto wa miaka 10 anayependa kuchora na asiyetaka mpira

Mpwa wangu anakaa Kirumba, Mwanza, mahali ambapo siku ya mechi kubwa unasikia goli kutoka uwanjani kabla mtangazaji wa redio hajamaliza kupiga kelele. Lakini mpira haumwingii kabisa. Si kwamba anaumwa au ni mwoga, hapendi tu. Wenzake wakimwita chandimu anaaga vizuri, anaingia ndani, anachukua daftari la shule na kuanza kuchora kurasa za nyuma.

Alipotimiza miaka 9, shemeji alimletea mpira mpya akitumaini utamvuta nje. Nilipopita jioni nilimkuta barazani kaupakata. Alikuwa anauchora.

"Shikamoo mjomba. Unajua hivi vyeusi vina pembe tano, ila vyeupe vina sita?"

Tukahesabu pamoja. Vyeusi 12, vyeupe 20. Mimi nimecheza namba tatu mpaka namaliza sekondari na sikuwahi kuligundua hilo. Shemeji alicheka kwa shingo upande. Tangu siku hiyo nikajiambia zawadi ya miaka 10 naitoa mimi.

Na mimi nikakosea. Niliona dukani lile sanduku la plastiki linalofunguka kama begi, ndani kuna vipande zaidi ya mia: kalamu za rangi, krayoni, penseli, rangi za maji, brashi mbili, hata rula. Kwa macho, huwezi kupata zawadi inayolizidi. Mtoto alipiga kelele ya furaha akilifungua, na wiki ya pili likawa chini ya kitanda. Nilipolitoa nikaelewa sababu. Kalamu za rangi zilikuwa zimekauka. Rangi za maji zilikuwa kama chaki, unasugua brashi dakika nzima unapata kivuli cha rangi. Penseli za rangi ukizichonga ncha inatoka nzima, unachonga tena, inatoka tena, kwa sababu risasi ilishakatikakatika ndani ya mti kabla hata hazijafika dukani. Penseli ikidondoka sakafuni, nje huoni kitu, ndani imevunjika.

Ndipo nikakaa naye nikamuuliza kinachomsumbua anapochora. Hakutaja rangi hata moja. Alisema, "Hii penseli haiwi nyeusi. Nikikandamiza, karatasi inachanika."

Hapo kuna mambo mawili, penseli na karatasi, na ndiyo zawadi yote.

Penseli za shule zinazouzwa kila kona ni HB. Risasi ya penseli si risasi ya kweli, ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari hafifu, na hizo huandikwa H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, na hizo ni B. Namba ikipanda, tabia hiyo inazidi: 2B ni nyeusi kuliko HB, 6B ni nyeusi kama masizi ya sufuria. Mtoto anayetaka kivuli cha mti kwa kutumia HB lazima akandamize, na akikandamiza anachana. Kwa hiyo nunua 2B mbili na 6B moja. Usinunue seti nzima ya penseli kumi na mbili. Za H zitalala, mtoto wa umri huo hana kazi nazo. Ongeza kichongeo cha chuma, kwa kuwa vile vya plastiki wembe wake hutikisika na kuvunja ncha laini, na kifutio cheupe kilicho laini. Kile cha waridi kilichobandikwa mkiani mwa penseli kinasambaza uchafu tu.

Karatasi ndiyo watu wengi wanaipuuza. Karatasi ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na ya daftari la shule mara nyingi ni nyepesi kuliko hiyo. Kwa kuchora, tafuta yenye gramu 150 kwenda juu. Vitabu vya kuchorea vya namna hiyo vipo madukani lakini ni vya kubahatisha, kwa hiyo mimi nilitengeneza chetu steshenari, na ninakushauri ufanye hivyo hata kama unaweza kununua.

Nilichukua manila nyeupe nne za ukubwa wa A1. Kila moja inatoa A4 nane, jumla karatasi 32. Kabla ya kulipa, omba kipande ufanye jaribio: paka 6B sehemu ndogo, futa, paka tena, futa tena, mara tano. Uso ukianza kutoa vinyweleo kama blanketi, rudisha, tafuta nyingine. Na usichukue ile inayong'aa sana, maana grafiti inateleza juu yake, haishiki. Pitisha kidole, unataka mkwaruzo kidogo.

Kijana wa steshenari akikata kwa mashine ya kukatia, mwambie atoboe matundu ya spairo kwa karatasi nne au tano kwa mkupuo, si rundo zima kama anavyofanya kwa karatasi za mitihani. Manila ni nene, mashine inakwama na matundu yanakaa upande. Jalada la nyuma liwe gumu.

Kosa langu la pili lilikuwa hapa. Nilimwambia abaindi upande wa kushoto kama daftari. Mpwa wangu ni mashoto. Akichora ukurasa wa kulia, mkono wake unalala juu ya ule waya wa spairo. Hakulalamika, ila niliona anageuza kitabu juu chini kila mara. Nikakirudisha, spairo ikahamia juu, upande mfupi, na sasa mkono wowote unapita. Mashoto wana tatizo jingine: wakichora kutoka kushoto kwenda kulia, kiganja kinafuta walichokwishachora, na 6B inapaka kama mkaa. Dawa yake ni karatasi chakavu chini ya kiganja, na kuanzia kulia. Hilo halina gharama, lakini mwonyeshe siku ileile unapompa zawadi, vinginevyo atadhani mchoro umechafuka kwa sababu yeye hajui.

Kitu cha mwisho kwenye mfuko kilikuwa ubao. Nilipita kwa fundi seremala nikaomba kipande cha hadibodi cha sentimita 30 kwa 42, akakipiga msasa pembeni, nikaweka klipu mbili nyeusi za kubania karatasi. (Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji wa Tunduru, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Nilimsimulia mtoto hilo, na kwa wiki nzima akawa anaitazama baiskeli ya baba yake kwa jicho ambalo shemeji hakulipenda.) Ubao una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Ukiwa nao, mtoto anachora popote: juu ya jiwe, kwenye ngazi, ndani ya daladala iliyosimama Buzuruga ikisubiri abiria.

Rangi? Baadaye, na chache. Penseli za rangi 12 nzuri zinaishinda pakiti ya 36 mbovu. Jaribu dukani: paka bluu, juu yake paka njano. Ikitoka kijani, rangi zinapandana, nunua. Njano ikiteleza juu ya bluu bila kushika, hiyo ni nta tupu. Rangi za maji ningesubiri, kwa sababu kwenye manila karatasi inajikunja, na karatasi yake halisi ya gramu 300 ni ghali kwa mtoto ambaye bado anaharibu kumi ili apate moja.

Vitabu vya kupaka rangi ndani ya mistari usimpe. Huyu anachora, ukimpa mistari ya mtu mwingine umempa kazi ya utingo.

Kuna jambo la umri huu ambalo sikulitegemea. Mtoto wa miaka 6 akichora ng'ombe mwenye miguu mitano anaridhika. Wa miaka 10 anataka ng'ombe afanane na ng'ombe, na asipofanana anachana karatasi na kusema hajui kuchora. Wengi huacha hapo. Kwa hiyo nilimkatia dirisha kwenye boksi la dawa ya meno: tundu la mstatili, sentimita 6 kwa 8. Unalishika mbele ya jicho moja, mkono umenyooka, unachora kinachoonekana ndani ya tundu tu. Ukiona jiwe linagusa ukingo wa kulia katikati, basi na kwenye karatasi liguse ukingo wa kulia katikati.

Tulilijaribu Jumamosi asubuhi kwenye Jiwe la Bismarck, pale upande wa Kamanga. Nilidhani ataanza na lile jiwe la juu lililokaa kama litadondoka, kwa sababu kila mtu huanza nalo. Mchoro wa kwanza ulikuwa hivyo, na jiwe likatoka kubwa mno mpaka ziwa likakosa nafasi. Wa pili nikamwambia asichore jiwe kabisa, achore anga lililolizunguka. Alinikodolea macho kama nimechanganyikiwa. Halafu akafumba jicho moja, akafuata ukingo wa anga ndani ya dirisha polepole, na alipomaliza jiwe lilikuwa limebaki lenyewe katikati, jeupe, na mshazari wake ni uleule. Kivuli cha chini akakiweka kwa 6B bila kukandamiza.

Mjusi mmoja dume, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu wanaopiga pushapu juu ya mawe yetu, alikuja karibu na miguu yetu. Akataka kumchora, mjusi akakimbia. Nikamfundisha achore jiwe kwanza, aache nafasi, maana mjusi hurudi palepale penye jua. Alirudi mara nne. Kichwa kilichorwa mara ya kwanza, mkia mara ya tatu, na miguu ya nyuma ilibaki ya kukisia.

Ukurasa huo shemeji ameuchana kwa rula kwenye spairo na kuubandika juu ya mita ya umeme. Mtoto naye amenipigia jana: ile nyeusi imebaki fupi kama kifundo cha kidole, 2B moja haijachongwa hata mara moja. Mwaka huu nabadilisha, 6B mbili na 2B moja.