Usuluhishi wa benki: pengo la 85,000

Swali: "Nimepiga picha fomu ya usuluhishi. Juu kuna salio la daftari la fedha 842,000, chini salio la benki 915,000. Katikati nijaze nini? Nimepata hundi moja ya 120,000 na amana ya 132,000, haikubali."

— Hundi unatoa, amana unajumlisha. Ndivyo tunavyofanya kazini kwetu.

— Hiyo ni sawa kama fomu inaanza na salio la benki. Hii inaanza na daftari, kwa hiyo ni kinyume: hundi ambazo hazijawasilishwa benki unajumlisha, amana ambazo benki haijaziingiza unatoa. Ukifanya hivyo unapata 830,000, umepungukiwa 85,000 kamili. Pengo kamili kama hilo mara nyingi ni hundi moja iliyosahaulika. Fungua usuluhishi wa mwezi uliopita, uangalie hundi zilizokuwa bado. Hazimo kwenye daftari la mwezi huu, ndiyo maana ukiweka tiki mwezi mmoja tu huzioni.

— Kwangu tofauti ilikuwa makato ya benki.

— Makato huandikwa kwanza kwenye daftari, hayakai kati ya hundi hizi.

— Ipo! Hundi 017, 85,000, ya mwezi uliopita, na benki bado haijailipa.

— Basi orodhesha zote mbili kwa namba, jumla 205,000. 842,000 + 205,000 − 132,000 = 915,000. Amana ya 132,000 ithibitishe kwenye taarifa ya mwezi ujao. Isipoonekana siku za mwanzo, tafuta stakabadhi yake.